Ukiona "Damu inahitajika haraka", usifowadi kwanza

Unaijua hiyo meseji. Inaingia kwenye grupu la mtaa usiku, katikati ya picha ya paka aliyepotea na tangazo la gesi: "Wapendwa, damu inahitajika haraka sana, O hasi, mgonjwa yuko Kenyatta, hali ni mbaya. Piga namba hii. Tafadhali fowadi, utaokoa maisha." Dakika kumi baadaye emoji za maombi zimejaa. Wewe nawe umeitupa kwa grupu la chama, la kanisa na la wale mlisoma nao sekondari, kisha umelala ukijihisi mtu mwema.

Sasa niambie. Anayeumwa ni nani? Anahitaji nini hasa? Mpaka lini? Yuko wapi? Hujui hata moja, na wale watu mia tatu uliowatumia pia hawajui.

Mimi nilisomea uanahabari mihula mitatu, karo ikakataa, nikatoka. Sikutoka mikono mitupu, kwani nilibeba maswali hayo manne: nani, nini, lini, wapi. Mwalimu alikuwa akirudisha habari yoyote iliyokosa moja, hata kama imeandikwa vizuri namna gani. Msimamo wangu ni kwamba ombi la damu nalo lirudishwe hivyohivyo. Likikosa moja, usilifowadi. Mrudie aliyekutumia umuulize.

Tuanze na wapi, kwa sababu huku Kitisuru hilo ndilo linalokula muda wa watu. "Yuko Kenyatta." Kenyatta gani, buda? Kuna Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ile ya Upper Hill. Kuna pia hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, kule Kahawa, kando ya Northern Bypass. Ukitoka Kitisuru kwenda ya kwanza unashuka Lower Kabete Road, unapita Westlands, unavuka mji. Ya pili iko upande mwingine kabisa. Mtu aliyemaliza kazi jioni akakosea hapo, jioni yake imeisha, na huyo hatarudi kesho. Nairobi nayo ni hivyohivyo: kuna Nairobi Hospital, kuna Nairobi West na kuna Nairobi Women's. Kwa aliye ndani ya wodi jina moja linatosha. Kwa anayepanda matatu halitoshi.

Na hata ukifika Kenyatta ya Upper Hill, bado hujafika. Kwenye eneo hilo kuna hospitali yenyewe na kuna kituo cha huduma ya taifa ya damu. Ni milango tofauti. Kwa hiyo "wapi" iliyokamilika ina jina zima la hospitali, barabara ya kuingilia, jengo au chumba ambako damu inatolewa, na saa ambazo chumba hicho kinapokea watu. Chumba cha kutolea damu si kasualti; hakikai wazi usiku kucha kila mahali. Aliye hospitalini atembee hadi kwenye mlango huo, asome saa zilizobandikwa, ndipo aandike.

Swali la nini ndilo ambalo watu wengi hawajui kwamba hawalijui. Ile "O hasi" kwenye meseji mara nyingi ni kundi la mgonjwa, basi. Haimaanishi kwamba ni watu wa O hasi peke yao wanaotakiwa. Hospitali nyingi zinafanya hivi: zinampa mgonjwa damu inayomfaa kutoka kwenye friji yao, kisha zinaomba familia ilete watu wa kuirudishia akiba. Anayerudishia anaweza kuwa wa kundi lolote, maana damu yake itamfaa mtu mwingine. Sasa angalia kinachotokea. Wenye makundi hasi ni wachache sana Kenya. Kundi linaloongoza hapa ni O chanya. Ukiandika "O hasi" umewafukuza karibu wote waliokuwa tayari kuja, pamoja na wale wasiojua kundi lao, ambao ni wengi. Familia inabaki ikilia kwamba watu hawana roho, kumbe ni meseji iliyowaambia wasije.

Kwa hiyo kabla ya kuandika lolote, mwulize mhudumu wa maabara swali moja kwa maneno haya: "Mnataka kundi hili hasa, au mtu yeyote wa kurudishia?" Jibu lake ndilo linaloenda kwenye meseji. Uliza pia ni watu wangapi. Mtu mmoja hutoa takriban mililita 450, painti moja, kwa hiyo painti nne ni watu wanne, na ni busara kuomba saba au nane kwa sababu wengine watakataliwa mlangoni. Na uliza kama ni damu nzima au ni pletileti, zile chembe zinazosaidia damu kuganda, ambazo wagonjwa wengi wa saratani huhitaji. Pletileti hukaa siku 5 hivi tu. Damu nzima hukaa kama siku 35. Ni maombi mawili tofauti na haraka yake si moja.

Hapo tayari tumeingia kwenye lini. Maneno mabaya zaidi kwenye meseji ya kufowadi ni "leo", "kesho" na "sahii". Leo ya nani? Meseji haizeeki usoni. Iliyoandikwa Machi inaonekana mbichi Oktoba, na kuna za miaka iliyopita ambazo bado zinatembea, mgonjwa alishapona au alishazikwa, na anayepokea simu ni ndugu ambaye kila wiki anakumbushwa upya. Andika siku, tarehe na mwaka.

Saa nayo ina mtego wake, hasa sisi tunaochanganya lugha. Ukiandika "njoo saa 2", nusu ya Nairobi itasoma saa mbili asubuhi na nusu itasoma saa nane mchana. Andika "saa mbili asubuhi (8:00)" na ugomvi umeisha.

Halafu kuna hesabu ambayo familia nyingi haipigi. Damu haitoki mkononi mwako ikaingia kwa mgonjwa papo hapo. Lazima ipimwe kwanza virusi vya ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende, ndipo ioanishwe na damu ya mgonjwa. Hiyo inachukua muda. Kama upasuaji ni Ijumaa asubuhi, kuita watu Alhamisi jioni ni kuchelewa. Iulize maabara: "Ili damu iwe tayari Ijumaa, watu waje mwisho lini?" Hiyo ndiyo tarehe ya kuweka, si ile ya upasuaji.

Nani ni swali lenye sehemu mbili. Kuna mgonjwa: anayetoa damu ataulizwa mlangoni anamtolea nani, na akisema "yule mama wa kwenye grupu", painti yake inaweza isihesabiwe kwa familia hiyo. Weka jina lililo kwenye rejista ya hospitali na namba ya faili. Kama hamtaki jina zima litembee mjini, weka la kwanza na namba ya faili, mengine myatoe kwa simu. Ugonjwa usiuandike. Hakuna anayehitaji kujua uterasi ya shangazi yako ina nini ndipo atoe damu. Na kuna mtu wa kupigiwa: awe mtu atakayeshika simu, na si yule anayelia kando ya kitanda. Weka wawili. Namba ikija pamoja na ombi la pesa ya "usafiri wa damu", piga simu hospitali yenyewe kabla hujatuma hata shilingi.

Basi chukua ile meseji ya mwanzo. Tuseme umempigia mwenye namba, ukamtuma akaulize maabara. Inarudi hivi:

"OMBI LA DAMU. Mwisho: Jumatano 14 Mei 2025, saa kumi jioni (4:00). Wanahitajika watu 4, KUNDI LOLOTE, damu nzima, ya kurudishia. Mgonjwa: Mama Wanjiru, faili namba (iweke hapa). Mahali: Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Upper Hill, chumba cha kutolea damu (jengo na ghorofa). Kinapokea watu saa mbili asubuhi (8:00) hadi saa kumi jioni (4:00). Awe na miaka 16 hadi 65, kilo 50 kwenda juu. Mwanamume awe amekaa miezi 3 tangu atoe mara ya mwisho, mwanamke miezi 4. Njoo umekula, na ubebe kitambulisho. Piga kwa mwanawe au kwa mpwa wake (namba mbili). Baada ya tarehe hiyo usiifowadi."

Ni ndefu, ndiyo. Lakini kijana wa boda pale steji anaweza kusomewa na ajue kama anafaa, aende wapi, na aseme jina gani. Hilo ni muhimu huku kwetu kuliko watu wanavyofikiri. Grupu la mtaa lina wenye nyumba. Mabawabu, wafanyakazi wa bustani, kina dada wa nyumbani na wasee wa boda hawamo, na wengi wao ndio wenye miaka, kilo na moyo wa kutoa. Meseji inawafikia kwa mdomo, getini. Ile ya "O hasi, Kenyatta, haraka" ikisomwa kwa sauti haibaki na kitu. Na ukiiandika kwa Kiswahili tangu mwanzo, hakuna atakayelazimika kuitafsiri akiwa na haraka.

Najua utaniambia: familia imechanganyikiwa, nani ana muda wa kuandika hayo yote? Ndiyo maana wasiandike wao. Kila ukoo una binamu mmoja aliye mbali na wodi na mwenye bando. Mpeni kazi. Kupiga simu maabara na kuuliza kundi, idadi, siku ya mwisho na mlango ni shughuli ya dakika kumi. Na wewe admini, una haki ya kuizuia meseji dakika hizo kumi. Mtu atakuita katili. Muulize yeye ni Kenyatta gani.

Kazi ya mwisho ya binamu huyo ni ile inayosahaulika kabisa. Watu wanne wakishatoa, arudi kwenye kila grupu alikoomba, ajibu juu ya meseji ileile: "IMETOSHA, asanteni, msifowadi tena." Kisha aifute kwenye stetasi yake.