Chumvi "Kijiko Kimoja" Ni Kijiko Gani?

Wasee, leo niko na neno na sisi tunaotengeneza video za mapishi ya makomredi. Tunasema "rahisi na bei nafuu", halafu kipimo tunakitupa tu. Mdomo unasema chumvi kijiko kimoja, skrini imeandika "chumvi kiasi", na mkono ulishamwaga sekunde tatu zilizopita. Mtu wa kule Annex ako na ndengu za mwisho za wiki, gesi inaelekea kuisha, na anakufuata wewe. Akiweka kijiko cha kula badala ya cha chai, ameweka chumvi mara tatu. Hiyo sufuria hailiki, na hakuna ingine mpaka pesa itumwe kutoka nyumbani.

Maoni yangu ni haya: kipimo kisikike, kionekane na kimwagwe kwa wakati mmoja. Kuna mtu anakuangalia kwa matatu bila sauti, na kuna mwingine anakata kitunguu, simu iko kando, anasikia tu. Hao wawili wanafaa kupata namba moja. Ile orodha ndefu ya viungo mwanzoni sijali ukiiweka, ni ya kwenda nayo kwa kibanda. Lakini mtu akiwa jikoni hairudii. Anangoja uguse kijiko.

Chukua ndengu za watu wawili. Skripti yangu huwa na kipimo kimoja kwa kila mstari, hivi:

Sauti: "Ndengu, kikombe kimoja."
Skrini: NDENGU: KIKOMBE 1

Sauti: "Maji, chupa mbili za nusu lita."
Skrini: MAJI: CHUPA 2 ZA NUSU LITA

Sauti: "Mafuta, vijiko viwili vya kula."
Skrini: MAFUTA: VIJIKO 2 VYA KULA

Sauti: "Chumvi, kijiko kimoja cha chai, kisawazishe."
Skrini: CHUMVI: KIJIKO 1 CHA CHAI

Kuna chupa kwa sababu kila bedsita iko na chupa tupu ya maji au soda. Mizani nani anayo? Kikombe nacho kina shida, magi zetu za plastiki hazitoshani. Mimi nakionyesha karibu na hiyo chupa na kusema kinajaza nusu ya chupa. Hapo msee anajua yake ni kubwa ama ndogo.

Sasa ile sehemu watu hukosea sana: maandishi yaingie lini? Kiswahili kinataja kitu kwanza, namba inafuata. Ukiweka maandishi mara tu unaposema "vijiko", mtazamaji anasoma 2 kabla hujatamka viwili, macho na masikio yanakosana. Mimi nayaingiza kwenye neno la namba lenyewe. Na ukiwa na nusu, ngoja. "Vikombe viwili na nusu" ikionyesha 2 halafu ½ ije baadaye, mwenye haraka ameshamwaga viwili. Toa 2½ ukifika kwa "nusu". Tena andika "vijiko 2", si "2 vijiko", jicho lifuate mpangilio wa mdomo.

Kwa mkono, shikilia kijiko kikiwa kimejaa juu ya sufuria, sema namba, kisha mwaga. Maandishi yabaki mpaka kijiko kiwe tupu. Sekunde tatu hivi zinatosha. Yaweke juu ya katikati ya skrini, maana kule chini kapsheni na vitufe vitayafunika. Ukimaliza kuhariri, tazama video bila sauti ukiandika vipimo kwa karatasi, halafu isikilize bila kuitazama uandike tena. Karatasi zisipolingana, unajua pa kurekebisha.

Dakika pia ni kipimo, na hapa Eldoret ndipo video za Pwani hutudanganya bila nia mbaya. Tuko kama mita 2,100 juu ya bahari, kwa hivyo maji yetu huchemka kwa nyuzi 93 hivi, si 100 kama Mombasa. Ukiongeza moto, mvuke ndio unazidi, joto la maji linabaki hapo hapo. Ndengu zinachelewa. Zangu nikiziloweka usiku huchukua kama dakika 45, nikifunika sufuria. Kwa hivyo nasema dakika na dalili pamoja: "Dakika arobaini na tano, ama ndengu ibonyee kati ya vidole." Skrini inaandika DAKIKA 45, ELDORET, na kwa picha hiyo hiyo vidole vinabonya ndengu moja. Wa Mombasa akiona yake imebonyea mapema, anazima gesi.

Bei mimi siitamki kabisa. Naiandika tu kwenye skrini na mwezi wake, kwa sababu nyanya za wiki hii si bei ya wiki ijayo, na sauti ni kazi kurekodi upya.