Mama kauziwa mbwa mgonjwa bila kadi ya chanjo: muuzaji ajibu nini?

Vijana kadhaa ninaowahudumia wameanza kuzalisha mbwa wa ulinzi kama biashara ya pembeni. Wateja wapo, hasa wafugaji wa kuku wanaoibiwa usiku. Mmoja wao alinitumia picha ya barua aliyoandikiwa na mteja, akataka nimsaidie kuijibu "kwa ukali kidogo". Nimeomba ruhusa kwa wote wawili kuiweka hapa bila majina, maana naona wengi mtaandikiwa barua kama hii siku moja, na jibu ambalo kijana alitaka kulitoa ndilo ambalo wengi wangelitoa.

Barua yenyewe ni hii:

"Mwanangu, habari za kazi. Ni mimi niliyechukua kwako yule dume mweusi Jumamosi tarehe 3. Uliniambia ana wiki saba, kachanjwa, na kadi utanitumia. Jumanne asubuhi, tarehe 6, aligoma kula. Usiku wake akatapika mara nne. Jumatano akaanza kuhara, na Alhamisi ikawa damu yenye harufu kali sana. Nikampeleka kliniki, wakapima kinyesi, wakasema ni pavo. Leo Jumamosi tarehe 10 bado yuko kwenye dripu. Nimeshatumia 180,000, mbali na ile 300,000 niliyokupa. Daktari ananiuliza kadi, sina cha kumwonyesha. Kwangu hapajawahi kufugwa mbwa. Naomba mambo matatu: tarehe ya chanjo na jina la aliyechanja, unieleze kama ndugu zake ni wazima, na tuzungumze juu ya gharama. Sijaja kugombana."

Jibu ambalo kijana alikuwa ameshaliandika lilikuwa la mstari mmoja: mbwa katoka kwangu akiwa mzima, ugonjwa kaupatia kwako.

Mimi nasema jibu hilo si sahihi, na kwa biashara yake ni hatari. Twende taratibu.

Kwanza tuhesabu siku. Kirusi cha pavo kikiingia kwa mbwa, dalili hazitokei siku ileile. Kwa kawaida huchukua siku tatu hadi saba, na mara nyingine hufika wiki mbili. Huyu kaondoka Jumamosi, kaacha kula Jumanne asubuhi. Ili awe kaambukizwa kwa mama, ingebidi akutane na kirusi saa ileile aliposhuka kwenye gari, kisha augue kwa muda mfupi kabisa unaowezekana. Na kwa mama hapajawahi kukaa mbwa. Haiwezekani kuapa, lakini hesabu inaelekea kwenye banda alikozaliwa. Alitoka akiwa mchangamfu, ni kweli, na hata mimi ningemwona mzima. Mbwa aliyeshika pavo hucheza na kunyonya kama wenzake mpaka siku dalili zinapoanza, na kinyesi chake huwa kimeshaanza kutoa kirusi kabla ya siku hiyo.

Ndiyo maana swali la pili la mama, lile la ndugu zake, ndilo zito kuliko la hela. Kijana alikuwa na watoto saba wa uzao ule. Mmoja kwa mama, mmoja kamuuza Jumapili, watano wamebaki, na wawili kati ya hao walikuwa wameshalipiwa kitangulizi. Yeye aliisoma barua kama madai. Mimi niliisoma kama taarifa ya ugonjwa ulioingia bandani, tena imeletwa bure na mtu anayelipa dripu kwa hela yake. Nikamwuliza, "Wale watano leo wamekula?" Akaenda kuangalia. Wawili walikuwa wamejikunja pembeni, maziwa hawataki.

Sasa kadi. Kijana hakudanganya aliposema kachanja. Alinunua chanjo duka la dawa za mifugo saa sita mchana, akaiweka kwenye mfuko wa shati, akazungukia shughuli nyingine kwa bodaboda, akachoma jioni. Hakubaki na karatasi yoyote. Chanjo hii ni kirusi hai kilichodhoofishwa, na inatakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 tangu dukani mpaka kwenye sindano. Ikishinda kwenye joto la mfukoni inaweza kufa, na hapo utakuwa umechoma maji. Kwa macho huwezi kujua, chupa inabaki vilevile. Ndiyo maana daktari anayefuata kazi yake huibeba kwenye kiboksi cha barafu, akishachoma hubandua ile stika ya kwenye chupa yenye namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, huibandika kwenye kadi, kisha huandika tarehe, husaini na kugonga muhuri. Kadi inaonyesha kwamba kuna mtu anayejulikana aliyebeba dhamana ya chanjo ile.

Kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalijui, na linawaumiza hata wanaochanja vizuri. Mtoto wa mbwa hupata kinga ya kwanza kwenye maziwa ya mwanzo ya mama yake. Kinga hiyo hupungua kidogo kidogo kati ya wiki ya 6 na ya 16, na kila mtoto kwa kasi yake. Kinachotatiza ni kwamba kinga ya mama, hata ikiwa imeshuka kiasi cha kushindwa kuzuia ugonjwa, bado inaweza kuizuia chanjo isishike. Kwa hiyo sindano moja ya wiki ya 6 kwa mwingine inashika, kwa mwingine haishiki. Dawa yake ni kurudia kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka mbwa afikishe wiki 16. Ukimwambia mteja "kachanjwa" ukanyamaza, anaelewa kazi imekwisha. Ukimpa kadi yenye sindano moja na tarehe ya kurudi, anaelewa kwamba sehemu iliyobaki ni yake, na kwamba asimtembeze mtaani kwanza.

Na daktari wa mama hakuulizia kadi kwa ajili ya ukiritimba. Chanjo iliyochomwa siku chache nyuma inaweza kukifanya kile kipimo cha kinyesi kionyeshe alama hafifu hata kama mbwa hana ugonjwa wenyewe. Bila tarehe, inabidi akisie.

Kijana nilimshauri hivi, na alifanya siku hiyohiyo. Alimpigia mnunuzi wa Jumapili, akamweleza ukweli. Aliwarudishia kitangulizi wale wawili, akasimamisha kuuza. Wagonjwa aliwatenga na kuwapeleka kwa daktari, na wazima akawahudumia kwanza kila siku kabla ya kugusa wagonjwa. Sakafu ya saruji aliondoa kinyesi chote, akaosha kwa sabuni, kisha akamwaga jiki, kikombe kimoja kwa vikombe 20 vya maji, iliyochanganywa siku ileile, akaiacha dakika kumi kabla ya kusuuza. Sabuni peke yake haiui kirusi hiki, na jiki juu ya kinyesi haifanyi kazi. Kwenye ua wa udongo hakuna cha kumwaga kikasaidia. Kirusi kinaweza kukaa pale miezi mingi, hata mwaka. Uzao unaofuata utalelewa upande mwingine, hilo tumeshakubaliana.

Hata hivyo wawili bandani walikufa. Yule wa mama alipona baada ya siku sita za dripu. Hakuna dawa inayoua kirusi chenyewe. Dripu na sindano za kuzuia kutapika na maambukizi mengine humshikilia mbwa mpaka mwili wake ushinde, na wengi wa wasiotibiwa hufa.

Tuje kwenye hela, maana najua mnasubiri. Msimamo wangu ni huu: mbwa akiugua pavo ndani ya siku 14 tangu auzwe, na muuzaji hakutoa kadi, mzigo ni wa muuzaji. Anarudisha bei na kumchukua mbwa wake, au analipa matibabu na mbwa anabaki kwa mnunuzi. Achague mnunuzi. Mama alichagua mbwa abaki, na kijana anamlipa gharama ya kliniki kwa awamu mbili. Wapo watakaosema nawaonea wauzaji, kwamba mnunuzi naye alitoa hela bila kuona kadi. Ni kweli, alikosea kukubali "nitakutumia". Lakini mwenye kujua kama mbwa kachanjwa ni mmoja tu, na ndiye aliyepokea hela. Kama kadi ipo na tarehe zimekaa sawa, hapo hesabu inabadilika, na mimi ningesimama upande wa muuzaji wagawane hasara, kwa sababu hata chanjo nzuri kwa umri huo ina pengo nililolieleza. Siku 14 hizo ziandikeni kwenye risiti ya mauzo, mistari miwili inatosha.

Kwa mnaonunua, kadi ya mtoto wa wiki saba au nane isomeni kwa kulinganisha na umri wake. Dawa ya minyoo iwe imeanza wiki ya pili na kurudiwa kila wiki mbili. Chanjo iwe moja, pengine mbili kwa wa wiki nane, yenye stika na saini, na tarehe ya kurudi iwe imeandikwa. Nafasi ya kichaa cha mbwa iwe wazi, maana hiyo kwa kawaida huchomwa akitimiza miezi mitatu. Ukiona sindano tatu zimeshajazwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, au kichaa cha mbwa kimeshachanjwa kwa mtoto anayenyonya, piga simu kwa daktari aliyesaini kabla hujatoa hela. Kama namba yake haipo kwenye kadi, mwache mbwa alipo.

Na mkiandikiwa barua, someni tarehe zake kwanza kabla ya kusoma lawama. Mama huyu aliandika siku, dalili na kipimo kwa mpangilio. Angeandika matusi tu, kijana angeendelea kuuza wale watano.