Ahadi Tusizoweza Kuzitimiza

Kadi ya mchango wa harusi inapotufikia wakati ada ya mtoto haijalipwa, wengi wetu hatusemi hapana. Tunaandika ahadi ya shilingi 50,000, kisha tunaacha kupokea simu za mweka hazina. Tunadhani tumestahi watu. Kwa maoni yetu, hapo ndipo tunapomuumiza mwenye shughuli.

Kamati hupanga kwa ahadi. Watu 10 wakiahidi 50,000 kila mmoja, daftari linasoma 500,000, na mpishi anaagizwa chakula kwa hesabu hiyo. Sita wakinyamaza, pengo la 300,000 linaonekana wiki ya mwisho, na mara nyingi wazazi ndio wanaokopa kuliziba. Aliyekataa mapema hakuacha pengo.

Basi tukatae kabla jina halijaandikwa, tena kwa mhusika mwenyewe, si kwenye kundi la WhatsApp. "Mama, hongera sana. Safari hii sitaweza kuchanga, kwa hiyo kadi naomba nisiichukue. Jumamosi asubuhi nitakuja kupanga viti." Maneno yaishie hapo. Tukieleza shida zetu kwa urefu, atadhani tunaomba kupunguziwa (naye ataanza kututajia 20,000). Na viti tukapange kweli.

Msibani mambo ni mepesi kidogo. Hakuna kadi, na asiye na rambirambi bado anaweza kuchimba kaburi, kuchota maji, kukesha na wafiwa. Majirani huanza kunong'ona juu ya yule ambaye hakuonekana kabisa, hata kama alituma pesa.