Hizo Kwizi Zenu za Uchumi Zinawadanganya

Wasee, hizi kwizi za uchumi zinazozunguka kwenye magrupu ni uongo, na leo nasema wazi. Mtu anakopi sura nzima ya mahitaji na ugavi, anaipesti, na baada ya dakika kumi kuna maswali 20. Kila mtu anapata 17. Mnatumiana makofi. Halafu mtihani wenyewe unafika na watu wanatoka darasani kimya kama wametoka matangani.

Shida haiko kwenye swali wala kwenye jibu sahihi. Shida ni yale majibu mengine matatu. Cheki hili, ni la aina mnayoijua:

Sheria ya mahitaji inasema nini?
A. Mambo mengine yakibaki yalivyo, bei ikipanda, kiasi kinachohitajika hupungua
B. Watu hawapendi pesa
C. Bei haina maana
D. Yote hapo juu

Hapo nani amesoma? A ndiyo ndefu, ndiyo yenye sauti ya kitabu. B na C hakuna binadamu anayeziamini. D inakufa papo hapo kwa sababu B ni upuzi. Sisi tuliopitia KCPE kabla haijaisha mwaka wa 2023 tulijifunza huu mchezo tukiwa bado na kaptura: usipojua, weka giza kwenye sentensi ndefu.

Na hesabu yake ni mbaya. Kwenye maswali 20 ya majibu manne, mtu asiyejua chochote anaokota kama 5 kwa bahati. Ukimwekea majibu mawili ya kijinga kwa kila swali, anabaki akichagua kati ya mawili, kwa hivyo anaokota kama 10. Hiyo ni asilimia 50. Vyuo vingi hapa unapita na 40. Umempitisha mtu ambaye hajafungua kitabu, na mbaya zaidi, yeye mwenyewe ameamini anajua. Karo imelipwa na mzazi, na usiku wa mwisho kabla ya mtihani msee analala vizuri kwa sababu kwizi yako ilimwambia yuko sawa.

Walimu wanaotunga mitihani wana jina la majibu ya makosa: vipotoshi. Kazi ya kipotoshi ni kumkamata mtu aliyeelewa nusu. Kwa hivyo hakitoki hewani. Kinatoka kwenye kosa ambalo watu hufanya kweli, na kosa hilo unalipata ndani ya ile sura uliyopesti. Tafuta mahali mwandishi anapotenganisha vitu viwili vinavyofanana. Kwenye sura ya mahitaji, mahali penyewe ni hapa: kubadilika kwa mahitaji ni kitu kimoja, kubadilika kwa kiasi kinachohitajika ni kingine. Bei ya kitu chenyewe ikibadilika, unatembea juu ya mstari uleule. Kitu kingine kikibadilika, kama mapato au ladha ya watu, mstari wote unasogea. Mwandishi akirudia jambo mara mbili, jua kuna mahali wanafunzi wake huanguka.

Sasa tutunge. Maembe ya Mwala na Masii yameiva, soko la Marikiti hapa Machakos limejaa.

Mavuno ni mengi, na bei ya embe moja imeshuka kutoka shilingi 20 hadi 10. Mambo mengine yote yamebaki yalivyo. Ni nini kimetokea upande wa wanunuzi?
A. Mahitaji yameongezeka, na mstari wa mahitaji umesogea kulia
B. Kiasi kinachohitajika kimeongezeka, na mstari wa mahitaji uko palepale
C. Mahitaji yamepungua, na ndiyo sababu bei imeshuka
D. Hakuna kilichobadilika, kwa sababu mavuno ni mambo ya wauzaji

Jibu ni B, lakini angalia wale wengine. A itamnasa anayesikia "watu wananunua zaidi" na kukimbilia "mahitaji yameongezeka", vile sote huongea mtaani. C ni ya yule anayeona bei imeshuka na kuamua lazima watu wamechoka na maembe. D ndiyo naipenda zaidi. Huyo ameelewa kwamba ugavi ndio uliosogea na mstari wa mahitaji haukusonga, lakini akadhani mstari ukitulia basi wanunuzi nao wametulia. Kila herufi ni mtu unayemjua. Msee akichagua D, unajua umrudishe aya gani.

Lakini kipotoshi kizuri kinakaa karibu sana na ukweli, na hapo ndipo watungaji huchoma. Toa yale maneno "mavuno ni mengi" na ile sentensi ya mambo mengine. Sasa swali linasema tu bei imeshuka. C imegeuka kuwa jibu linaloweza kutetewa: labda watu wamesikia maembe yanaiviswa kwa dawa, wameyaogopa, na bei ikaanguka. Swali lako lina majibu mawili na hujui. Kwa hivyo ukishaandika majibu, rudi kwenye shina na umtetee kila kipotoshi kama wakili wake. Ukishinda kesi, shina lina tundu.

Kuna wale wataniambia "bro, unatutega tu." Hapana. Mtego ni kuficha neno "si" katikati ya sentensi ndefu. Mtego ni kuuliza kuhusu mchoro ambao ulipotea wakati wa kupesti, na michoro hupotea karibu kila mara: maandishi yanabaki yakisema "tazama mchoro" na hakuna kitu hapo. Kama hoja iko kwenye mchoro pekee, iandike kwa maneno au uache hilo swali.

Kipotoshi cha haki hakikutegi, kinakuuliza kama umefikiria. Chukua bei ya juu kabisa inayowekwa na sheria, ile vitabu huita dari ya bei. Vingi huieleza kwa kodi za nyumba za New York. Sisi tuna yetu: mwaka wa 2016 Kenya iliweka sheria kwamba benki haziruhusiwi kutoza riba ya mkopo zaidi ya pointi 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu, na sheria hiyo ikaondolewa Novemba 2019. Uliza: ili dari kama hiyo ibadilishe chochote sokoni, iwekwe juu ya riba ya msawazo, chini yake, au palepale? Wengi watasema juu, kwa sababu dari kichwani mwao iko juu. Lakini dari iliyo juu ya msawazo haimgusi mtu, soko tayari liko chini yake. Inabana ikiwa chini, na ikibana, wanaotaka mkopo wanakuwa wengi kuliko mikopo iliyopo. Wafanyabiashara wadogo walioambiwa "hapana" na benki miaka hiyo wanaielewa sura hii bila kuisoma.

Ukimaliza kutunga, wape watu kumi kabla ya kuposti na uhesabu nani amechagua nini. Jibu ambalo hakuna hata mmoja aliyeligusa limekufa, liandike upya. Jibu ambalo wale wakali wa darasa wote wamelichagua na wewe umeliwekea kosa, usiwacheke bado. Waulize walifikiriaje, kwa sababu huenda wao wako sawa na ufunguo wako ndio uliopotoka. Na majibu yote manne yakate urefu mmoja, hata kama inabidi kulifupisha lile sahihi hadi likose sauti ya kitabu.