Foleni Haivunjwi kwa Hasira

Tarehe 3 Desemba, 2021, kampuni ya Square Enix ya Japani ilipofungua Endwalker, sehemu mpya ya mchezo wa kompyuta wa Final Fantasy XIV, wachezaji waliokwisha kulipa ada walipanga foleni kwa saa nyingi, na wengi wakatupwa nje kwa kosa nambari 2002.

Yapasa tupambanue, kwani nambari hiyo moja ilikuwa na sababu zaidi ya moja. Ya kwanza ni wingi wa watu. Foleni ya kila kundi la seva ilikuwa na nafasi 17,000 tu, na aliyezidi alirudishwa mlangoni, hata kabla ya kupewa nafasi. Hapo mchezaji hana dawa. Kuufuta mchezo na kuuweka upya ni kujisumbua bure. Kampuni yenyewe ilikwama, maana uhaba wa chipu duniani uliizuia kuongeza mashine. Hatimaye ilisimamisha uuzaji hadi Januari 2022, na ikawafidia wateja siku 21 bila ada.

Sababu ya pili ni mtandao wa nyumbani unaokatika. Dalili yake ni kwamba mtu alikwisha kuingia foleni, kisha akatolewa akiwa angali anangoja. Hilo lina dawa: atumie waya badala ya mawimbi ya hewani, na akitolewa arejee upesi, kwani seva humhifadhia nafasi yake kwa muda mfupi.

Basi mchezaji na aitengeneze njia yake. Mlango ukiwa mwembamba, wa kuulizwa ni mwenye nyumba.