HESABU YA MASHAMBA YA 1990 HAITUTOSHI TENA

Wakaaji wa Kalemie, tena tunasikia wakubwa wakisema: mkulima wa kwetu analima nusu hektari, na chakula chake ni muhogo. Tunauliza: nani alipima, na lini?

Hesabu kubwa ya mashamba katika inchi yetu ni ya 1990. Wakati ule inchi iliitwa Zaire, na sisi tulikuwa ndani ya Shaba. Jimbo la Tanganyika lilizaliwa 2015. Ile nusu hektari ni wastani wa inchi nzima, haiko kipimo cha Nyunzu wala cha Moba.

Na muhogo? Chukua shamba la mama mmoja, mita 50 kwa 100. Mwezi wa kumi na moja anapanda mahindi, karanga na muhogo pamoja. Mahindi na karanga vinatoka mbele ya kiangazi. Muhogo unabakia mwaka muzima na zaidi. Mwenye kuhesabu akifika mwezi wa saba, anaona muhogo tu, anaandika muhogo tu. Mahindi yamepotea kwenye karatasi, na mbegu za mahindi hazitaletwa.

Na wale waliokimbia vita, shamba liko kijijini, wao wako kambini. Wanaandikwa wapi?

Tunadai: wapime kwa kuzunguka shamba na GPS, si kwa kuuliza tu. Waandike kila mmea, wapite masika na kiangazi. Matokeo yabandikwe kwenye kila teritware, zote sita.

Bila hiyo, musituhesabie midomoni!