Tafsiri ya ripoti isiache saa ya kuchota maji

Kiwanda cha kumenya kahawa kinapotaka kupanuliwa, kijiji huletewa muhtasari wa tathmini ya athari kwa mazingira kwa Kiswahili. Namba hutafsiriwa, lakini namna zilivyopatikana huachwa. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mkulima wa bondeni anapoumia.

Tuchukue mfano. Ripoti inasema BOD5 ya maji taka ni miligramu 25 kwa lita. Hicho ni kiasi cha oksijeni ambacho vijidudu hutumia kuozesha uchafu kwa siku 5, katika nyuzijoto 20. Kikomo cha Tanzania kwa maji yanayotiririshwa ni 30. Mtafsiri anaandika: "Maji yalipimwa, ni salama." Kwanza, kikomo hicho si cha maji ya kunywa. Pili, ukurasa wa mbinu unasema ilichotwa chupa moja saa 2 asubuhi, wakati kahawa humenywa jioni wakulima wakishaileta. Chupa hiyo haikupata ute wala sukari ya maganda.

Sampuli mchanganyiko ni tofauti: maji huchotwa kila saa kazi ikiendelea, kisha huchanganywa kulingana na wingi wa maji yaliyopita kila saa.

Kwa hiyo tafsiri itaje saa, mahali pa kuchotea, idadi ya chupa, na kama mashine zilikuwa zikifanya kazi. Mkisomewa namba mkutanoni bila hayo manne, ombeni ukurasa wa mbinu usomwe kwanza, ndipo mtoe maoni.